Mwenye Kushika Nafasi Yangu Iko Masisi

Nilipofika Masisi kufanya kazi ya dawa, nilidhani kuondoka ni jambo rahisi. Mtu anafunga mlango, anachukua mfuko wake, anapanda pikipiki mpaka Sake, basi, ameondoka. Nilizaliwa Butembo katika jamaa ya wafanyabiashara. Baba alikuwa na duka la vitambaa, na alipotaka kutoka kidogo aliwaambia wateja "ninarudi", nao wakakaa kwenye benchi wakamngoja. Sikumbuki hata mmoja aliyemuuliza atarudi saa ngapi.

Shirika lililoniajiri lilikuwa linasaidia vituo vya afya katika Masisi na Walikale. Nilipewa depo ya dawa ya Masisi-centre: chumba cha mbao chenye rafu mpaka darini, frigo mbili za chanjo, na mashini moja, ndivyo tulivyoita kompyuta. Mashini ile iliungana na anteni iliyokuwa juu ya paa. Simu zilikuwa zinapotea siku nzima, mara nyingine wiki nzima, hasa mapigano yakikaribia. Anteni ilikuwa yetu wenyewe, na barua zilipita hata simu zikiwa zimekufa. Kwa hiyo jambo lolote la maana tuliliandika.

Konje yangu ya kwanza, yaani likizo, niliipata baada ya miezi sita. Mkuu wetu wa Goma alikumbusha kwamba kila anayekwenda konje aweke kwenye mashini mesaji ya kutokuwepo, ile inayomjibu yenyewe kila anayekuandikia. Niliiandika nikiwa nimesimama, mfuko begani, pikipiki ikiunguruma nje: "Niko konje. Nitakujibu nikirudi. Asante." Nikafunga mashini, nikaenda zangu.

Siku ya tano, frigo ya kituo chetu cha Kitshanga ikazimika. Ilikuwa frigo inayotumia mafuta ya taa, na utambi wake uliungua mpaka mwisho. Muuguzi wa pale, mwanaume mpole aliyefanya kazi kama watu watatu kwa sababu kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa, alihamisha chanjo ya surua kwenye kisanduku cha barafu. Kisanduku kile kinashika baridi siku moja, ukibahatika siku mbili. Simu zilikuwa hazipiti. Akaniandikia: frigo imekufa, nitumie vipande vipya vya barafu ao uniambie chanjo nizipeleke wapi.

Mesaji yangu ikamjibu papo hapo kwamba niko konje. Haikumwambia amwandikie nani. Saa sita akaniandikia tena. Safari hii hakupata jibu lolote, kwa sababu mesaji ile humjibu kila mtu mara moja tu, kisha hunyamaza mpaka mwenyewe arudi. Yeye hakujua hilo. Aliniambia baadaye kwamba kimya kile kilimpa moyo. Alifikiri kuna mtu amekaa mahali pangu, amesoma barua ya pili, na hajibu kwa sababu yuko mbioni kufunga barafu kwenye pikipiki. Siku nzima alikuwa akitoka nje kusikiliza barabara.

Kesho yake jioni aliandikia Goma. Mtu wa Goma aliona neno "frigo", akaona ni kazi yangu, akanitumia mimi barua hiyo.

Kila chupa ya chanjo ina kibandiko kidogo, mviringo na ndani yake mraba mweupe. Chanjo ikipata joto, mraba unakolea kuwa kijivu, na ukishafanana rangi na mviringo, chupa hiyo ni ya kutupa. Jumapili mchana zote zilikuwa zimefikia hapo. Jumatatu kina mama wa kambi walikuja na watoto wao kama walivyoitwa, wakapanga mstari kwenye mvua, na muuguzi akatoka kuwaambia warudi.

Mimi wakati huo nilikuwa Butembo, nimekaa nyuma ya duka la dada yangu nikimenya viazi. Habari niliikuta niliporudi. Nilifungua mashini nikasoma barua zake moja baada ya nyingine kwa mpangilio zilivyokuja. Ya kwanza ilikuwa na haraka, ya pili na heshima, ya tatu na maombi. Ya nne ilikuwa sentensi moja: "Dada, haina haja tena." Niliisoma nikiwa bado na koti la mvua mwilini. Nje mtu alikuwa anapitisha ng'ombe, na nilisimama pale dirishani mpaka wa mwisho akapita, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mkuu wa Goma aliandika barua moja kali kwa depo zote. Hakunitaja, lakini kila mtu alijua. Hakuna aliyeniandikia neno siku ile isipokuwa mwenzangu wa depo ya Walikale.

Sikuwa nimemwona kamwe. Nilijua tu kwamba ni mtu mzima, mzaliwa wa msitu wa kule, mzee wa kanisa, na kwamba wote walimwita Papa. Aliandika Kiswahili, si Kifaransa cha ofisi. Maneno yake ninayakumbuka yote:

"Dada, uliandika kama hauko, lakini haukuandika nani iko. Uliandika kama utarudi, lakini haukuandika lini. Na ule muuguzi haukumwambia kitu gani inaweza kungoja na gani haiwezi. Hii si kosa ya roho, ni kosa ya mesaji. Tutaitengeneza."

Chini yake alibandika mesaji yake mwenyewe ya konje iliyopita ili niiangalie. Ilianza na siku anayoondoka na siku anayorudi. Kisha jina la mtu wa Goma aliyemshikia nafasi, kazi yake, namba yake, na maneno haya: "Nimeongea naye, amekubali, na anaweza kuamua bila kuniuliza." Kisha orodha mbili fupi. Vinavyoweza kungoja: raporo ya mwezi, maombi ya kawaida ya glavu na sabuni, hesabu ya kartoni. Visivyoweza kungoja: frigo yoyote, dawa ya malaria kali ikibaki ya wiki moja, vipimo vya damu, mama anayejifungua. Mwisho: "Usiniandikie mimi. Sitasoma mpaka nirudi."

Nilimwuliza kwa nini siku ya kurudi ameiweka Jumatano wakati konje yake iliisha Ijumaa. Alinieleza kwamba siku ya kurudi ni siku ile mtu anafungua mashini akaanza kusoma, si siku anayoshuka kwenye motokari. Barabara zetu lazima zihesabiwe. Alisema ukiahidi Jumatatu na ukafika Jumatano, hizo siku mbili hazina mwenyewe, na mwenzako aliyekushikia nafasi amekwisha kuachia mkono. Alisema pia usimtaje mtu kabla hajakubali, na usimtaje mtu ambaye siku hizo naye hayupo. Aliwahi kuona watu watatu wa ofisi moja waliotajana kwa duara, kila mmoja akimtuma aliyeandika kwa mwingine, na wote watatu walikuwa kwao wanakula sikukuu.

Halafu akapendekeza tushikiane nafasi, yeye na mimi. Watu wa Goma walibadilika kila mara, sisi tulibaki. Nilikubali haraka mno, kama mtu aliyepewa kiti mahali ambapo wote wamesimama.

Ndivyo tulivyoishi kwa miaka mingi ya vita ile. Akienda konje, mesaji yake ilisema: "Mwenye kushika nafasi yangu iko Masisi." Nikienda mimi, yangu ilisema: "Mwenye kunishikia nafasi iko Walikale." Siku tatu kabla ya kuondoka tuliandikiana kila kitu kilichoko kwenye depo, frigo gani inasumbua, kituo gani kinaomba kupita kiasi na gani kinaona haya kuomba. Anayebaki alijibu "nimepokea", na hapo ndipo anayekwenda alikuwa huru.

Maisha ya Masisi yalikuwa ya upweke. Nasema hivyo bila kulalamika, maana kazi niliipenda. Nililala katika chumba cha mbao ndani ya uzio wa shirika. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, ukaficha vilima na ng'ombe, ukabaki na sauti za kengele tu. Wenzangu wa kazi walikuwa watu wa wiki sita sita. Nilimzoea mmoja, nikajua anakunywa chai ya namna gani, kisha gari likamrudisha Goma na akaja mwingine. Watu wa pale walinisalimia vizuri, lakini nilikuwa mgeni, mtu wa Butembo, mwanamke asiye na mume anayefunga dawa kwa kufuli. Katika sikukuu walinikaribisha. Siku za kawaida hawakuwa na sababu.

Kwa hiyo konje za Papa ndizo zilikuwa majira yangu ya kuwa na watu. Barua zake zote zilikuja kwangu. Muuguzi mmoja wa msituni aliandika kwa herufi kubwa tupu. Mkunga mmoja alimaliza kila barua kwa kuuliza kama mvua imeanza kwetu. Mwanzoni waliandika "Papa, samahani", kisha wakazoea, wakaanza "Mama wa Masisi". Nilijua mito yao kwa majina, na ni daraja gani limebomoka. Wakati Papa aliporudi na kuandika "Asante, dada, nimefungua mashini", barua zile zilikatika siku hiyohiyo, na depo yangu ikanyamaza.

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu. Kila alipoondoka, asubuhi ya kwanza, nilimtumia barua tupu isiyo na neno lolote, ili tu mesaji yake inijibu. Nilijua kila kilichomo, maana tulikuwa tumekubaliana. Lakini nilipenda kuona ikiingia, na kusoma kwamba kule mbali kuna mtu amewaambia watu wote kwamba mimi nipo. Ilikuja mara moja tu kwa kila konje. Sikutuma ya pili.

Mara moja nilimwandikia kwamba ningependa siku moja kuja kuiona Walikale. Alinijibu kwamba hilo linaweza kungoja. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi tulivyokuwa tumefungwa. Yeye akitoka, mimi sina budi kubaki, na mimi nikitoka, yeye anabaki. Goma ilipoita watu wa depo kwenye mafunzo, ilimwita mmoja wetu. Tulikuwa watu wawili ambao hawawezi kuwa safarini kwa wakati mmoja.

Mwaka ule ambao ninataka kuusimulia, aliomba wiki mbili. Wana wa marehemu kaka yake walikuwa wanaingizwa porini kwa tohara ya jadi, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki mahali pa baba yao. Aliniandikia kwa kirefu kidogo kuliko kawaida. Alisema padri hataki kusikia habari hiyo, na yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa, lakini watoto wale hawana mwingine wa kusimama nyuma yao. Kijiji kilikuwa siku mbili kwa mguu kutoka barabarani. Hakuna simu. Mesaji yake ilisema atarudi Jumatatu tarehe kumi na saba.

Nilikuwa na jambo langu. Mwezi ule baba yangu alikuwa anatimiza mwaka tangu azikwe, na dada zangu walikuwa wameandaa misa na chakula cha kumaliza matanga, Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Konje yangu ilikuwa imekwisha kubaliwa kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Tulihesabu pamoja. Papa angerudi tarehe kumi na saba, angekuwa na wiki moja ya kupokea vyangu, nami ningeondoka. Siku zilitosha, hata za barabara.

Tarehe kumi na saba ikafika. Sikupata "nimefungua mashini". Nilingoja mpaka mchana, nikamwandikia. Sikupata kitu. Siku zile zile tukaanza kusikia kwamba mapigano yameingia kati ya msitu na barabara, na kwamba watu wanakimbia kutoka upande wake. Tarehe kumi na nane mkunga akaniandikia: "Mama wa Masisi, nimeandikia Papa leo, mesaji inaniambia atarudi jana. Sasa mimi niamini nini?"

Papa hakuwa na desturi ya kuiambia mashini izime mesaji yenyewe siku fulani. Aliizima kwa mkono akirudi, kwa sababu hakuiamini barabara. Kwa hiyo mesaji iliendelea kumjibu kila mtu mpya, na tarehe yake ikazidi kuchakaa. Nilimjibu mkunga kwamba aamini jina langu, tarehe aiache.

Tarehe ishirini nikampigia mkuu wa Goma. Nikamwambia Papa hajarudi, na mimi nina konje Jumatatu. Hakunikatalia. Aliniuliza kwa utaratibu tu: "Nani atashika nafasi yako?"

Nikasema kwa kawaida ni Papa.

"Na nafasi ya Papa nani anaishika?"

Nikasema ni mimi.

Alikuwa mtu mzuri, nadhani alingoja niseme mimi mwenyewe. Angeweza kunitafutia mtu wa Goma, na alisema hivyo, mgeni aliyefika mwezi uliopita ambaye hajaona frigo ya mafuta ya taa. Niliwaza chupa za Kitshanga. Nikamwambia aifute konje yangu.

Nilipowapigia dada zangu, mkubwa alisema anaelewa. Mdogo alichukua simu akaniuliza kama kule Masisi hakuna mtu mwingine duniani anayejua kuhesabu vidonge. Jumamosi ya misa nilifanya kazi kama siku nyingine. Saa nne, saa ambayo nilijua wanaingia kanisani, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha depo na kipimajoto cha frigo mkononi, nikasema sala ya marehemu peke yangu. Mlinzi alipita akadhani naongea na simu.

Wiki iliyofuata mapigano yalisogea karibu na Walikale-centre. Mama wa depo, mwanamke aliyemsaidia Papa kupanga kartoni, alinipigia simu ikiwa inakatika. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wenye bunduki wanaweza kuingia kesho, na hakujua afanye nini na chanjo na dawa ya malaria ya sindano. Papa hayupo, alisema, na yeye hana ruhusa ya kutoa hata kidonge kimoja bila saini.

Nilikuwa na makabidhiano ya Papa mbele yangu. Aliandika kwamba depo ikitishiwa, chanjo ziende kwenye frigo ya watawa wa misheni, alikwisha ongea nao, na dawa za sindano zigawiwe vituo vya nje siku hiyohiyo hata kama si siku yao. Na kwenye mesaji yake aliandika kwamba ninaweza kuamua bila kumwuliza. Nikamwambia mama wa depo azitoe, nikamtumia saini yangu kwa anteni, akaiprinti. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia saini ni yangu, si yake.

Waliingia kweli. Walivunja mlango, wakachukua walichokuta: sabuni, makoti ya mvua, mashini ya Papa. Vituo vya nje vilikuwa na dawa zao. Mkunga alinipigia siku alipopata mtandao, akaniambia watoto wawili wa malaria kali walichomwa sindano zile na wamekaa sawa. Kisha akaniuliza kama mvua imeanza kwetu.

Katika hayo yote, mama wa wafanyakazi kule Goma, yule anayeshughulikia mikataba, aliniandikia kwamba Papa amepitisha siku nyingi bila habari, na kwa sheria ya shirika hiyo ni kuacha kazi. Aliniomba nimwambie mtu wa mashini wa Goma, ambako mesaji zetu zote zilihifadhiwa, maneno ya kuweka kwenye mesaji ya Papa, kitu kama "hafanyi kazi tena hapa". Alisema ni kwa ajili ya watu wasichanganyikiwe na ile tarehe.

Niliandika jibu mara nyingi nikalifuta. Mwisho nilimwandikia kwamba mtu aliyeacha kazi haachi orodha. Nikamwambatishia makabidhiano yake, kurasa tatu, na mesaji yake, na barua zote nilizojibu kwa jina lake tangu aondoke, na nikamwuliza anionyeshe jambo moja la Papa lililokosa mwenyewe hata siku moja. Kuhusu mesaji, niliomba waandike hivi: "Tarehe ya kurudi haijajulikana kwa sababu barabara imefungwa. Mwenzake wa Masisi anaendelea kushika nafasi yake."

Siku mbili zikapita. Halafu mesaji ikabadilishwa kama nilivyoandika, neno kwa neno. Mesaji ikibadilishwa huanza upya kumjibu kila mtu, kwa hiyo asubuhi ile nilimtumia Papa barua tupu ili niisome.

Alitokea wiki ya sita. Simu ililia kwa namba nisiyoijua, na sauti ilikuwa imechakaa kiasi kwamba nilimtambua kwa namna alivyosema "dada". Walikuwa wamevunja kambi ya tohara na kuwapitisha watoto msituni kwa mguu, wakizunguka mbali na wapiganaji, wakala mihogo ya mashamba yaliyoachwa. Watoto wote walitoka.

Akauliza: "Nani anashika nafasi yangu?"

"Ni mimi, Papa."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Nilimsikia akipumua. Kisha akasema polepole: "Na ile misa ya baba yako?"

Nikamwambia ilikwisha. Hakuomba msamaha, na nilimshukuru kwa hilo, maana ningelia. Alisema tu kwamba nimtumie vyangu, ameazima mashini ya misheni, na kwamba kesho niende kwetu. Nilikwenda. Dada mdogo alinipeleka makaburini, tukasafisha kaburi. Niliona kwamba chakula walichonisogezea jioni kilikuwa cha mgeni, kwenye sahani za mgeni.

Kazi yake haikukatwa. Lakini mwaka haukwisha kabla shirika halijaamua kufunga Walikale. Ndege hazikutua tena kwa uhakika, na barabara haikuwa ya mtu. Waliniita Goma niandikishwe kuchukua yaliyobaki ya depo yake, naye akaitwa kusaini karatasi za mwisho. Masisi aliachiwa yule mtu wa Goma aliyekuwa mgeni wakati ule, ambaye sasa alizijua frigo. Ndipo kwa mara ya kwanza tulikuwa safarini wote wawili, kwa sababu Walikale hapakuwa tena na nafasi ya kushikwa.

Tulikutana kwenye ukumbi wa ofisi. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi ile. Tulishikana mikono kwa muda mrefu, kisha tukaenda kula samaki karibu na ziwa. Nilikuwa na mambo ya miaka mingi ya kumwambia, na nadhani naye pia. Tukaongea juu ya utambi wa frigo. Alinieleza jinsi ya kuukata ili moto usifuke moshi, akanionyesha kwa kijiti cha meno. Nilimwuliza atafanya nini sasa. Alisema atalima, na kanisa linamhitaji, kama padri amemsamehe. Baada ya hapo tulitazama maji. Watu waliotujua kwa barua wangedhani tumegombana.

Wakati wa kuagana aliniuliza konje yangu ijayo ni lini, na nani atashika. Nikamwambia Goma wametoa anwani moja ya wote, barua zinaingia pamoja, anayezikuta anajibu. Akauliza ni nani huyo anayezikuta. Nikasema sijui. Alitikisa kichwa, akavaa kofia yake, na kesho yake akapanda ndege ya kurudi.

Wiki mbili baadaye, nikiwa Masisi, kartoni za Walikale zilifika kwenye lori zikiwa na vumbi la barabara yote. Nilizipanga peke yangu, siku nne. Juu ya kila moja Papa alikuwa ameandika kwa kalamu nene kilichomo, mwezi wa kuharibika, na kituo ambacho kilikuwa kinaitumia zaidi. Vile vituo sasa havikuwa vyetu tena. Sikufuta chochote. Nilizipanga rafu ya chini, maandishi yakitazama nje, nikaenda kupima frigo.